Sura ya Saba: Vyeti Vingi, Jedwali Moja

Swali ambalo watu wenye maradhi ya kudumu, pamoja na jamaa zao wanaowatunzia makaratasi, hawachoki kuliuliza ni hili: ikiwa nimepimwa damu mara tano katika muda wa miaka mitatu, na kila cheti kina tarakimu zake na alama zake, nitajuaje kama hali yangu inatengemaa au inaharibika? Swali hili ni la haki, kwa kuwa cheti cha maabara hujibu swali jingine lililo dogo kuliko hilo. Hueleza kilichokuwamo katika damu iliyochukuliwa siku fulani, wala hakina habari ya siku iliyotangulia wala ya maabara nyingine.

Tumchukue mwanamume tuliyemtunga kwa ajili ya sura hii, ingawa vyeti vyake vinafanana na vya wengi. Mwaka 2022 alikuwa na umri wa miaka 56, naye ana kisukari na shinikizo la damu. Tangu Machi mwaka huo hadi Novemba 2024 alipimwa katika maabara tatu, ambazo tutaziita A, B na C. Mei 2024 maabara B iliandika kwamba kreatinini yake ni 109, na pembeni ikaweka herufi H. Novemba mwaka huohuo maabara C ikaandika 1.3, bila ya alama yoyote. Binti yake alipoviweka vyeti viwili hivyo kimoja kando ya kingine, akamwambia, "Baba, alhamdulillahi, kreatinini imeshuka, na ile alama imeondoka." Tutaona kwamba kreatinini haikushuka hata kidogo, na kwamba kuondoka kwa alama hakukuwa na maana aliyoidhania.

## Kinachosemwa na cheti kimoja

Kreatinini ni taka itokanayo na kazi ya misuli, ambayo figo zilizo nzima huiondoa katika damu na kuitoa kwa mkojo. Kwa hiyo figo zikipungukiwa nguvu, taka hiyo hubaki damuni na kiasi chake hupanda. Katika mstari wa kreatinini, kama katika kila mstari wa cheti, mna mambo manne yasiyofaa kutenganishwa. La kwanza ni jibu, yaani tarakimu yenyewe. La pili ni kizio, yaani kipimo ambacho kwacho tarakimu ile imehesabiwa, mathalani mg/dL au µmol/L. La tatu ni kiwango cha rejea, yaani mpaka wa chini na mpaka wa juu ambao majibu ya watu wazima wenye siha aghalabu huwa kati yake. La nne ni alama ya tahadhari, ambayo huwa ni H kwa jibu lililovuka mpaka wa juu, na L kwa jibu lililo chini ya mpaka wa chini. Maabara nyingine huweka nyota, na nyingine huikoleza wino tarakimu.

Kiwango cha rejea kinahitaji maelezo zaidi, maana ndicho kinachowapotosha watu wengi. Hupatikana kwa kuwapima watu wengi wasio na maradhi, kisha kuchukua yale majibu ya katikati yaliyo asilimia 95 ya majibu yote, na kuyaacha nje yale machache yaliyo juu mno au chini mno. Maana yake ni kwamba katika kila watu ishirini wazima, mmoja atapewa alama ilhali hana ugonjwa. Na kinyume chake, mtu aweza kuharibikiwa kwa kadiri kubwa na bado akawa ndani ya mipaka, kwa sababu mipaka ile ni ya umati, wala si yake.

Kwa ufupi: jibu bila kizio halisomeki, na alama bila kiwango kilichoizaa haina maana.

## Daftari huja kabla ya jedwali

Kosa litendwalo na wengi ni kuchukua vyeti na kunakili tarakimu moja kwa moja katika jedwali lenye tarehe juu na majina ya vipimo kando. Jedwali la namna hiyo huonekana nadhifu, lakini vizio na mipaka huwa vimeachwa njiani, na yeyote atakayelisoma baadaye hataweza kujua 1.3 ilitoka wapi. Njia iliyo salama ni kuandika kwanza daftari, ama kwa kalamu ama katika kompyuta, ambamo kila jibu moja hupata mstari wake, na kila mstari huwa na safu hizi:

1. Tarehe damu ilipochukuliwa.
2. Maabara.
3. Jina la kipimo.
4. Jibu, kama lilivyochapwa.
5. Kizio, kama kilivyochapwa.
6. Mpaka wa chini na mpaka wa juu wa maabara hiyo.
7. Alama iliyowekwa na maabara, kama ipo.
8. Maneno yaliyoandikwa chini ya cheti.

Tarehe itakiwayo ni ile ya kuchukuliwa damu, wala si ile ya kuchapwa cheti, ambayo mara nyingine huchelewa kwa siku kadhaa na kuweza kuyapindua majibu mawili yaliyokaribiana. Aidha, mwezi na uandikwe kwa jina lake, kwani 03/11 kwa mmoja ni tarehe 3 Novemba na kwa mwingine ni tarehe 11 Machi, nazo baadhi ya mashine za maabara zimewekwa kufuata desturi ya Kimarekani ya kutanguliza mwezi. Jina la mgonjwa lisitoshe kuwa dalili kwamba cheti ni chake. Katika miji yetu, ambamo akina Mohamed Ali na akina Juma Hamisi ni wengi, sharti umri na nambari ya jalada vitazamwe pia.

Jibu lililochapwa kwa ishara, kama `<5`, liandikwe hivyohivyo, kwa maana mashine inasema kwamba kiasi ni kidogo kuliko kile iwezacho kukipima, wala haisemi kwamba ni 5 au sifuri. Nacho kipimo kisichofanywa siku fulani kiachiwe nafasi tupu. Anayejaza sifuri mahali pa kipimo kisichofanywa ametunga jibu.

## Kizio kimoja kwa kila kipimo

Daftari likishakamilika ndipo tunapochagua kizio kimoja kwa kila kipimo na kuyageuza majibu yote yakifuate. Hakuna mtu ambaye akiambiwa jana walinunua mchele pishi kumi na leo kilo ishirini na tano, atakata shauri kuwa mchele umeongezeka kabla ya kujua pishi moja ni kilo ngapi. Na hali kadhalika mg/dL na µmol/L. Kwa kreatinini, 1 mg/dL ni sawa na 88.4 µmol/L. Basi ile 1.3 ya maabara C, ikizidishwa kwa 88.4, huwa 115, na mara moja tunatambua kwamba kutoka Mei hadi Novemba jibu halikutoka 109 kwenda 1.3, bali lilitoka 109 kwenda 115.

Kila kipimo kina kigeuzi chake, yaani tarakimu ya kuzidishia, na cha kimoja hakifai kwa kingine. Sukari ya damu ya 1 mmol/L ni takriban 18 mg/dL. Hemoglobini, ambayo ni ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa ya oksijeni, huandikwa kwa g/dL au kwa g/L, na tofauti yake ni kuzidisha kwa kumi tu. Na potasiamu iliyoandikwa kwa mEq/L haigeuki kabisa iandikwapo kwa mmol/L. Mipaka ya rejea nayo sharti igeuzwe pamoja na jibu: maabara C ilichapa 0.7 hadi 1.3, na mipaka hiyo katika µmol/L ni 62 hadi 115. Anayegeuza jibu akaisahau mipaka atakuta kila jibu limepewa H, kwa kuwa 115 kubwa inalinganishwa na 1.3 ndogo, na jedwali lolote ambalo mstari mzima umejaa alama ghafla kuanzia tarehe moja ni la kushukiwa vizio vyake kwanza, kabla ya mgonjwa kushukiwa.

## Jedwali lenyewe

Baada ya kugeuza, majibu ya bwana wetu yanakaa hivi, na katika mabano mna mipaka ya maabara iliyopima siku hiyo:

| Tarehe na maabara | Kreatinini, µmol/L | Potasiamu, mmol/L | Hemoglobini, g/L |
|---|---|---|---|
| 12 Machi 2022, A | 71 (62–115) | 4.4 (3.5–5.1) | 136 (130–170) |
| 5 Februari 2023, A | 80 (62–115) | 4.5 (3.5–5.1) | 134 (130–170) |
| 20 Agosti 2023, B | 97 (62–106) | 4.7 (3.5–5.1) | 131 (130–170) |
| 14 Mei 2024, B | 109 H (62–106) | 6.2 H (3.5–5.1), tazama maelezo | 128 L (130–170) |
| 16 Mei 2024, B | – | 4.8 (3.5–5.1) | – |
| 3 Novemba 2024, C | 115 (62–115) | 4.9 (3.5–5.1) | 127 L (130–170) |

Tarehe zimepangwa kutoka ya kale kwenda ya karibuni, na ziendelee kupangwa hivyo daima, kwa kuwa zipo hospitali zinazochapa majibu ya karibuni kwanza, na msomaji asiyeliona hilo husoma kupanda akadhani ni kushuka.

## Alama ni ya nani?

Sasa lile fumbo la alama lafumbuka. Mei, jibu la 109 lilivuka mpaka wa maabara B ambao ni 106, likapewa H. Novemba, jibu la 115, ambalo ni kubwa zaidi, lilifikia mpaka wa maabara C bila ya kuuvuka, likaachwa. Figo hazikupata nafuu. Ni mpaka uliosogea. Tofauti hii ya mipaka haitokani na uzembe wa mtu. Maabara mbalimbali hutumia mashine na dawa mbalimbali: ipo njia ya kupimia kreatinini iliyojengwa juu ya mmenyuko uliogunduliwa na Max Jaffe mwaka 1886, ambayo ingali ikitumika kwa urahisi wa bei yake, nayo huweza kudanganywa na vitu vingine vilivyomo damuni, na ipo njia ya vimeng'enya, iliyo ghali zaidi, ambayo haidanganyiki kwa urahisi huo. Kila maabara hupaswa kuwa na mipaka iliyolingana na njia yake.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba jibu lipewe alama kwa mipaka ya maabara iliyolipima, siku ilipolipima. Ni makosa kuchukua mipaka ya cheti cha karibuni na kuitandaza juu ya majibu ya miaka yote. Tungefanya hivyo hapa, H ya Mei ingefutika, na jedwali likawa linakanusha cheti ambacho daktari anacho mkononi.

Anayetumia kompyuta aweza kuiachia kazi ya kuweka alama. Ikiwa jibu limo katika safu ya C, mpaka wa chini katika D na wa juu katika E, fomula hii ya Excel yatosha:

```
=IF(ISNUMBER(C2),IF(C2<D2,"L",IF(C2>E2,"H","")),"")
```

Neno `ISNUMBER`, ambalo huuliza kwanza kama kilichomo ni tarakimu, lisiondolewe, hata ikionekana kwamba fomula yaenda bila yake. Pasipo neno hilo, nafasi tupu huhesabiwa kuwa sifuri na kupewa L, na jibu lililoandikwa `<5`, kwa kuwa kompyuta hulichukulia kuwa ni maandishi, na maandishi kwake ni makubwa kuliko tarakimu yoyote, hupewa H. Alama ya kompyuta ikishatoka, ilinganishwe na ile iliyochapwa na maabara. Zikihitilafiana, ama kuna jibu lililonakiliwa vibaya, ama mpaka, ama kizio, nacho cheti ndicho kirejewe.

Kwa ufupi: mwelekeo husomwa kwa kizio kimoja, lakini alama hutolewa kwa mipaka ya kila maabara.

## Jibu lisilostahiki kuaminiwa

Tutazame ile potasiamu ya tarehe 14 Mei, iliyokuwa 6.2. Potasiamu ni madini ambayo sehemu yake kubwa hukaa ndani ya chembe za mwili, na kiasi kidogo tu huelea katika maji ya damu. Ikizidi mno damuni huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo jibu la namna hii halipuuzwi. Lakini chini ya cheti kile maabara B iliandika kwamba chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka katika kichupa. Hilo hutokea damu inapovutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au kichupa kinapotikiswa, au damu inapochelewa njiani. Nazo chembe zinapopasuka huimwaga potasiamu yao nje, na mashine huipima yote kana kwamba ilikuwa ikielea tangu mwanzo. Damu ilichukuliwa tena siku mbili baadaye, na jibu likawa 4.8.

Tufanyeje na ile 6.2? Kuifuta si halali, kwa maana ni jibu lililotolewa, na yumkini daktari alilitegemea kwa uamuzi wa siku ile. Lakini kuiacha peke yake ni kumtia msomaji hofu isiyo na msingi, au kumfanya adhani kwamba kuna dawa iliyoishusha. Inabaki mahali pake, na maneno ya maabara yanaandikwa kando yake. Tena inapochorwa mistari ya mwelekeo, au inapohesabiwa wastani, haiingizwi. Ndiyo sababu safu ya nane ya daftari letu, ambayo wengi huiona haina kazi, haifai kuachwa.

## Kuusoma mwelekeo

Jedwali likiwa tayari, swali la kwanza si "alama ziko ngapi?" bali "mtu huyu ametoka wapi?" Kreatinini yake ilikuwa 71, na sasa ni 115, imepanda kwa zaidi ya asilimia 60, na katika majibu yote matano ya kreatinini alama ilionekana mara moja tu. Hata Agosti 2023, ilipokuwa 97 na cheti hakina doa, ilikuwa imekwisha kupanda kwa zaidi ya theluthi moja.

Hata hivyo si kila tofauti ni mabadiliko. Kreatinini ya mtu mzima huyumba siku hadi siku, hupanda kidogo baada ya mlo wenye nyama nyingi au anapopungukiwa na maji mwilini, na mashine nayo haiko sawasawa kila asubuhi. Kwa makadirio, tofauti ya kreatinini baina ya majibu mawili isipofika asilimia 15 hadi 20, haifai kutangazwa kuwa ni badiliko la kweli. Kwa hiyo kutoka 109 hadi 115, ambayo ni tofauti isiyozidi asilimia 6, na tena baina ya maabara mbili, hatuwezi kusema kwamba hali imezidi kuharibika tangu Mei. Tunaweza kusema tu kwamba haikupata nafuu. Lakini majibu matano yanayopanda yote kwa mfuatano, na tofauti kubwa kati ya la kwanza na la mwisho, hayaelezeki kwa mlo wa nyama.

Kuna jambo moja linaloficha mwelekeo huu hata kwa mwenye vyeti vyote. Maabara nyingi huigeuza kreatinini kuwa eGFR, yaani makadirio ya kiasi cha damu ambacho figo huchuja kwa dakika moja, kwa kuzingatia umri na jinsia. Kwa fomula iitwayo CKD-EPI ya mwaka 2021, bwana wetu alikuwa na kama 104 mwaka 2022, na Novemba 2024 ana kama 64. Lakini zipo maabara ambazo, jibu likiwa kubwa kuliko 60, huchapa `>60` na kunyamaza. Kwa hiyo mgonjwa aweza kushuka kutoka 104 hadi 64 huku kila cheti kikimwonyesha maneno yaleyale. Palipo na desturi hiyo, mstari wa kreatinini yenyewe ndio wa kufuatwa.

## Mpaka wa jedwali

Hemoglobini yake nayo imeshuka kidogo kidogo, kutoka 136 hadi 127, na ni rahisi mtu kusema kwamba figo ndizo zilizoishusha, kwa kuwa figo hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa damu. Jedwali halina idhini ya kusema hivyo. Upungufu wa damu utokanao na figo aghalabu hujitokeza figo zinapokuwa zimedhoofika kuliko hivi. Nacho kisukari kinachotibiwa kwa metformin kwa miaka mingi huweza kuleta upungufu wa vitamini B12, na choo chenye damu isiyoonekana huweza kupunguza madini ya chuma. Mistari miwili kwenda pamoja ni sababu ya kuuliza, wala si jawabu.

Kadhalika jedwali halitoshi kumwita mtu huyu mgonjwa wa figo. Matabibu husema pana maradhi sugu ya figo pale eGFR inapokuwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, au pale inapopatikana dalili nyingine ya madhara kwa muda kama huo, na iliyo mashuhuri katika dalili hizo ni protini iitwayo albumini kuvuja katika mkojo. Bwana wetu bado yuko juu ya 60, na mkojo wake, kwa mujibu wa vyeti vyote, haujapimwa albumini hata mara moja. Safu ya kipimo hicho haimo katika jedwali, na kutokuwamo kwake ndiyo habari kubwa kuliko H iliyokuja ikaondoka.

Basi anapokwenda kwa daktari, pamoja na vyeti vya asili, ana maneno matatu ya kusema: kreatinini imepanda kutoka 71 hadi 115 katika miezi 32 kwa kizio kimoja, albumini ya mkojo haijapimwa, na dawa anazotumia, zikiwemo zile za maumivu za dukani kama diclofenac na ibuprofen, ambazo huweza kuzidhuru figo zilizokwisha kudhoofika, ni hizi. Na kipimo kijacho cha kreatinini, akiweza, akifanye katika maabara ileile iliyopima mara ya mwisho, ili tofauti itakayoonekana iwe ya figo zake, isiwe ya mashine.